Usirudishe Dukani Kabla Hujaisoma Taa

Kila malipo ya kakao yanapowafikia wakulima, na kila mpunga wa Kyela unapotoka shambani kwenda mashineni, huonekana katika baraza za maduka ya simu mjini Kyela, Ipinda, na hata kule Kasumulu mpakani, watu wa rika zote wameshika mkononi kasha dogo jeupe au jeusi, wakilifungua na kulifunga, wakilitikisa na kulisogeza karibu na simu, huku wakitazamana kwa tashwishi. Ndani ya kasha mna spika mbili za masikioni zisizo na waya. Juu ya kila spika pana taa ndogo inayopepesa, mara nyekundu, mara buluu. Na mbele ya taa hiyo amesimama mtu mzima mwenye akili timamu, aliyelipa fedha taslimu, asiyejua kama anaambiwa karibu au anaambiwa kwaheri. Aghalabu jambo huishia hapo: mnunuzi hukata shauri kwamba bidhaa ni mbovu, huirudisha dukani siku ya pili kwa nauli mpya, na muuzaji naye, ambaye pengine hajui zaidi yake, hubishana naye mpaka mmoja wao achoke.

Rai yangu katika jambo hili ni nyepesi kuisema, na nitajitahidi kuithibitisha. Sehemu kubwa ya spika zinazohukumiwa kuwa zimekufa ni nzima kabisa. Zilichokosa ni msomaji wa taa. Na muuzaji anayepokea fedha bila ya kumwonyesha mnunuzi taa ile inasema nini, amemuuzia nusu ya bidhaa na kuibakiza nusu nyingine dukani. Wahenga walisema asiyejua maana, usimwambie maana. Lakini katika biashara usemi huo haumpi muuzaji ruhusa ya kunyamaza, maana mnunuzi hakuja kubahatisha. Amekuja kununua chombo cha kusikilizia.

Hodi ya simu na karibu ya spika

Tuanze na asili ya jambo, maana ndiyo inayoifafanua taa. Bluetooth ni njia ya vyombo viwili vilivyo karibu kuzungumza kwa mawimbi ya redio pasipo waya. Mafundi wa kampuni ya Ericsson walianza kuishughulikia mwaka 1994 huko Lund, nchini Uswidi. Mwaka 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, ziliunda umoja wa kuisimamia. Na jina lake lilichukuliwa kutoka kwenye lakabu ya mfalme wa Denmaki wa karne ya 10, Harald, aliyekumbukwa kwa kuyaunganisha makabila yaliyofarakana. Mawimbi yake hayapiti kwenye mnara wa mtandao wa simu, hayahitaji laini, wala hayali bando. Mkazi wa Kasumulu, ambaye simu yake wakati mwingine hudaka mtandao wa Malawi ng'ambo ya Mto Songwe, hana sababu ya kuhofu kwamba spika zake zitamkata salio. Mazungumzo ya simu na spika huanzia mfukoni na kukomea sikioni.

Ila vyombo viwili visivyojuana havizungumzi hivi hivi. Sharti vioanishwe kwanza, na kuoanisha huku hufanana na ustaarabu wetu wa hodi na karibu. Simu ndiyo mgeni anayebisha: unapoiamuru itafute, hupiga hodi hewani kwa muda wa sekunde kumi hivi, ikiuliza ni nani aliye jirani. Spika ndiyo mwenye nyumba, nayo haimwitikii kila apitaye; huitikia tu pale ilipofungua mlango wake makusudi. Hali hiyo ya mlango kufunguliwa ndiyo ambayo taa hututangazia kwa kupepesa upesi upesi, nyekundu na buluu kwa zamu, au nyeupe kwa mfululizo wa haraka katika aina nyingine. Taa inayopepesa namna hiyo haisemi kwamba kuna hitilafu. Inasema: niko wazi, sina mwenzangu, anitakaye na anibishie hodi sasa.

Hodi ikiitikiwa, jina la spika hutokea kwenye kioo cha simu. Ukiligusa, vyombo viwili hivyo hutengeneza baina yao ufunguo wa siri, ambao kila kimoja huuhifadhi katika kumbukumbu yake. Zamani mtumiaji aliombwa aandike tarakimu, mara nyingi `0000` au `1234`, na baadhi ya simu za vitochi bado huomba hivyo. Lakini tangu toleo la mwaka 2007, chombo kisicho na kioo wala vibonye vya tarakimu kinaweza kuoana na simu pasipo kuulizwa namba yoyote. Baada ya hapo taa hutulia: huzima kabisa, au humeta mara moja kila baada ya sekunde kadhaa kwa rangi ya buluu. Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa kuwa wamezoea kwamba taa ikiwaka chombo ki hai, na ikizimika chombo kimekufa. Ilhali katika spika hizi, taa iliyonyamaza mara nyingi ndiyo alama ya kazi kufanikiwa, na taa inayopepesa kwa pupa ndiyo alama ya kazi kutokuanza.

Rangi hazina sheria, mwendo una kanuni

Yafaa msomaji ajue jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Umoja unaosimamia Bluetooth umeweka kanuni nyingi juu ya mawimbi, ufunguo na namna ya kuzungumza, lakini haukumlazimisha mtengenezaji yeyote kutumia rangi fulani ya taa kwa maana fulani. Kwa hiyo buluu ya kampuni moja yaweza kuwa nyeupe ya kampuni nyingine, na kijani ya tatu. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, ambayo aghalabu huandikwa kwa Kichina na Kiingereza kwa herufi ndogo za kuumiza macho, ndiyo peke yake inayojua lugha ya spika ile; na karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kutupwa.

Hata hivyo, mtu asikate tamaa, kwa sababu ingawa rangi hazina sheria, mwendo wa taa una kanuni ambayo watengenezaji wengi wameizoea. Rangi mbili zikibadilishana kwa haraka, mlango u wazi kwa simu mpya. Rangi moja, tuseme buluu, ikimeta polepole kabla ya sauti kusikika, spika imewaka na inamtafuta mwenziwe wa zamani. Haimtafuti mgeni, na simu mpya ikipiga hodi wakati huo haiitikiwi. Nyekundu peke yake ikimeta nje ya kasha, betri inakaribia kwisha. Nyekundu ikitulia ndani ya kasha, spika inachaji. Nayo itazimika au itageuka rangi baada ya kujaa. Na taa zilizo kwenye kasha lenyewe, yawe madoa manne au tarakimu ya asilimia, kwa kawaida husema habari za chaji tu. Mtu asizikodolee macho akitaraji zimwambie kama simu imekwisha kuoana.

Kosa linalotokea zaidi kwa wenye spika za kuvaa shingoni linatokana na hali ya pili kati ya hizo. Kibonye cha kuwashia kikibonyezwa kwa muda mfupi, spika huwaka tu na kumtafuta mwenzi wa zamani. Kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa bila ya kuachiliwa, mpaka taa ianze kubadilisha rangi kwa haraka, ndipo mlango unapofunguliwa. Mnunuzi huiona taa ya buluu ikimeta, hufurahi kwamba chombo kinafanya kazi, kisha hushangaa kwa nini simu haikioni. Alipaswa kuendelea kubonyeza kwa pumzi mbili tatu zaidi. Haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili baraka yenyewe hupimwa kwa sekunde.

Upande wa pili wa kosa hilo ni uvivu wa kuchelewa. Mlango ule haukai wazi daima: baada ya dakika chache, ili kuinusuru betri, spika hujifunga au hujizima yenyewe. Anayefungua kasha, akaweka spika mezani, akaenda kwanza kumtafuta kijana wa kumsaidia, atakaporudi na kijana wake atakuta taa imezimika, na wote wawili watasema zimekufa. Dawa ni kuzirudisha kashani, kufunga kifuniko, kungoja kidogo, kisha kuzitoa upya. Nyingi zitaanza tena kupepesa kama mwanzo.

Na kabla ya yote hayo kuna kitu kidogo mno kinachowatesa wanunuzi wa mara ya kwanza. Spika nyingi mpya huja zikiwa zimebandikwa kipande chembamba cha nailoni chini yake, pale penye vidoti vya shaba vinavyopokea chaji kutoka kwenye kasha. Kipande hicho huwekwa ili spika zisimalize betri njiani tangu kiwandani. Asiyekibandua, hata akilichaji kasha usiku kucha, spika hazitapata hata chembe ya umeme. Kasha litaonyesha limejaa, na spika zitabaki bila taa. Mwenye kuambiwa jambo hili baada ya kugombana na muuzaji hucheka kwa uchungu. Je, ingemgharimu muuzaji nini kulisema mapema?

Kisa cha sikio moja

Tuchukue sasa kisa kimoja tukifuate tangu mwanzo hata mwisho, cha namna ambayo hutokea mara nyingi, ili haya niliyoyasema yaonekane katika maisha ya nyumba ya kawaida. Mama mmoja wa Matema, mfanyabiashara wa usipa, amekwenda Kyela mjini na kununua spika za bei nafuu, kwa nia ya kupokea simu za wateja wake huku mikono ikiwa imeshika samaki. Dukani muuzaji amezijaribu kwa simu yake mwenyewe, muziki umesikika pande zote mbili, mama ameridhika, amelipa, amepanda gari la kupitia Ipinda, na jioni amefika kwake chini ya milima ya Livingstone.

Mpwa wake, kwa ile shauku ya ujana, kwa kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda, ametoa kashani spika ya kulia peke yake, ameona taa ikimeta polepole na kisha, baada ya kuikosa simu ya muuzaji, ikipepesa nyekundu na buluu, ameioanisha na simu yake, amesikiliza wimbo mmoja, kisha ameiacha mezani na kutoka uani. Mama naye amechukua spika ya kushoto iliyobaki kashani. Katika aina nyingi za bei nafuu, spika mbili hizo hupaswa kufahamiana zenyewe kwa zenyewe kwanza, moja ikawa kiongozi na ya pili mfuasi. Hata zikiwa zimekwisha kufahamiana, zikitolewa moja moja, kila moja hujiona ni nyumba kamili inayojitegemea. Basi spika ya kushoto, ilipokosa mwenzake, imefungua mlango wake yenyewe na kupepesa. Simu ya mama imeiona, mama ameligusa jina, na sauti imesikika upande wa kushoto tu.

Tazama sasa hali ilivyo. Spika ya kushoto imeoana na simu ya mama. Spika ya kulia imeoana na simu ya mpwa, ambayo iko uani hatua chache tu kutoka hapo na Bluetooth yake ingali imewashwa. Spika ya kulia haina taa, kwa kuwa imekwisha kuunganika, na kama nilivyotangulia kueleza, aliyeunganika hunyamaza. Mama anaitazama, haoni mwanga, anaihukumu imekufa. Hata yule mpwa hajui kwamba yeye ndiye aliyeishika. Kesho yake mama anarudi mjini, analipa nauli ya kwenda na kurudi, usipa wake unabaki kwenye chanja bila ya mwenyewe, na dukani mazungumzo yanakwenda hivi:

"Mwanangu, hizi ulizonipa zinasikika sikio moja."

"Mama, jana si ulizisikia mwenyewe zote mbili?"

"Nilizisikia, lakini ya kulia haikuwa hata na taa."

"Basi imeanguka mama, imeharibikia mikononi mwako."

Hakuna mwongo kati ya wawili hao. Mama amesema alichokiona, na muuzaji amesema alichokikumbuka. Kilichokosekana ni elimu ya dakika tatu, nayo ni hii ifuatayo.

Kwanza, katika simu zote mbili, ya mama na ya mpwa, fungua `Settings`, ingia `Bluetooth`, gusa alama iliyo kando ya jina la spika, kisha chagua `Forget`, ili kila simu iufute ufunguo wake. Pili, zima Bluetooth ya simu zote mbili, isiwepo simu yoyote ya kuzidaka spika njiani. Tatu, rudisha spika zote kashani, hakikisha taa ya kuchaji inawaka kwa kila moja, ngoja dakika moja. Nne, zitoe zote mbili kwa pamoja. Katika aina nyingine hilo latosha. Katika nyingine sharti ushikilie vibonye vya pande zote mbili kwa wakati mmoja kwa sekunde kadhaa. Zitapepesa zote, kisha moja itatulia na nyingine itaendelea kupepesa nyekundu na buluu. Hapo ndipo penye siri ya kisa chote: iliyotulia ni mfuasi aliyekwisha kumkubali kiongozi, na inayoendelea kupepesa ni kiongozi anayengoja simu. Mtu asidhani kwamba iliyotulia ina kasoro.

Tano, washa Bluetooth ya simu ya mama peke yake, gusa `Pair new device`, nawe ungoje zile sekunde kumi bila ya kugusagusa. Jina litokee moja tu. Yakitokea majina mawili yanayofanana, au moja likiwa na herufi `L` na jingine `R`, ujue spika bado hazijafahamiana. Usiguse hata moja, rudi hatua ya tatu. Jina likiwa moja, liguse, kubali, na taa itatulia. Piga wimbo, sikiliza pande zote. Kisha piga simu ya majaribio, maana yawezekana muziki ukapita na sauti ya mazungumzo isipite, kwa sababu simu huvitenga vitu hivi viwili, na katika ukurasa wa spika ile utaona swichi ya `Media audio` na swichi ya simu za kawaida. Zote ziwe zimewashwa.

Kuanzia siku ya pili, hakuna kuoanisha tena. Ufunguo umehifadhiwa, mama akitoa spika kashani, taa itameta kidogo na kunyamaza, na simu itajiunga yenyewe. Wapo watu wanaofanya hatua zote upya kila asubuhi, na kwa kufanya hivyo huzichanganya spika zilizokuwa zimetulia. Ila mama na akumbuke neno moja: mpwa akiziazima jioni, spika nyingi humkumbuka zaidi aliyeunganika nazo mwisho. Asubuhi, simu ya mpwa ikiwa karibu na imewashwa Bluetooth, itatangulia kuzichukua, na simu ya mama itaandika kwamba imeshindwa kuunganisha. Hakuna kilichoharibika. Mpwa na azime Bluetooth yake.

Mipaka ya chombo

Mtu aliyekwisha kuoanisha vyema asije akadai kutoka kwa chombo jambo lisilo katika uwezo wake. Umbali wa kuaminika wa spika hizi ni kama mita 10 mahali pa wazi, na hupungua pakiwa na ukuta wa tofali au mwili wa mtu katikati. Maji huyameza mawimbi haya, na mwili wa binadamu sehemu yake kubwa ni maji. Ndiyo sababu sauti hukatika katika spika ya kushoto wakati simu ipo mfuko wa nyuma wa kulia, na hurudi unapoihamishia mfuko wa mbele. Fimbo ya mbali haiui nyoka: mvuvi aliyeacha simu pwani kwa kuogopa isilowe, naye akasukuma mtumbwi wake ziwani, asitaraji kusikia lolote.

Mvua nazo zina sehemu yake. Kyela iko chini kabisa kandokando ya Ziwa Nyasa, kwenye joto na unyevu mwingi, na wilaya hii hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Jasho na unyevu hukaa juu ya vidoti vya shaba vya kuchajia, vikafanya kutu ya kijani au weusi, na spika ikaacha kuchaji upande mmoja. Dalili yake hujulikana kwa kutazama: unapoiweka kashani, taa ya upande huo haiwaki, ilhali ya pili inawaka. Pangusa vidoti vya spika na vya kasha kwa kitambaa kikavu, na usizirudishe kashani zikiwa zimelowa. Ikiwa baada ya kupangusa, kubandua nailoni, na kuchaji kwa saa nzima, taa ya upande mmoja haiwaki kabisa ndani ya kasha wala nje yake, hapo sasa, na hapo tu, una haki ya kusema kwamba imekufa.

Kuna mpaka mwingine, wa faragha. Kwa kuwa spika hizi haziombi tarakimu, mlango wake ukiwa wazi, yeyote aliye karibu aweza kuingia. Anayefungua kasha kwa mara ya kwanza ndani ya gari lililojaa abiria, kwenye njia ya kutoka Kyela kwenda Mbeya, asishangae akisikia wimbo asiouchagua. Simu ya jirani imetangulia. Ni salama zaidi kuoanisha nyumbani, au dukani mbele ya muuzaji, kwa simu yako wewe.

Nusu ya bidhaa iliyobaki dukani

Neno la mwisho hapo juu, "kwa simu yako wewe", ndilo ninalotaka litiliwe maanani. Desturi ya maduka yetu ni muuzaji kujaribu spika kwa simu yake. Kwa desturi hiyo muuzaji huthibitisha kwamba chombo kinalia, lakini humwacha mnunuzi na mambo mawili mabaya: kwanza, spika inaondoka dukani ikiwa inamkumbuka muuzaji, na itakapowashwa itaanza kwa kumtafuta yeye kwa mmeto wa polepole, pili, mnunuzi hajaona kwa macho yake taa ikipita kutoka kwenye pupa hadi kwenye utulivu. Je, ni insafu mtu asafiri kutoka Matema, Ikombe au Lumbila, pengine kwa chombo cha majini, halafu arudishwe kwa jambo ambalo lingeonyeshwa kaunta kabla maji ya chai hayajachemka?

Nasikia wauzaji wakijibu kwamba wateja ni wengi siku ya soko, faida ya spika moja ni ndogo, na hawawezi kumfundisha kila mtu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika, kwa kuwa haikuhesabu muda wa kubishana na anayerudi, wala jina linaloharibika kijijini. Mkononi mwa mwenye duka, zoezi lote huchukua dakika tatu. Mbishano wa kurudisha bidhaa huchukua nusu ya asubuhi, mbele ya wateja wengine wanaosikiliza. Fauka ya hayo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeweka masharti ya kumlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha; na ingawa simwiti mahakamani muuzaji wa spika za bei nafuu, nasema kwamba anayemwambia mama "imeharibikia mikononi mwako" bila ya kuichunguza ametoa hukumu asiyokuwa na ushahidi wake, na aliyelipia hukumu hiyo ni mwingine.

Rai yangu kwa wenye maduka, basi, ni mambo mawili. Mnapofungua spika mpya, bandueni nailoni mbele ya mnunuzi, mwombeni simu yake, na mwacheni yeye mwenyewe aguse jina kwenye kioo, ili aone taa inavyotulia. Na andikeni kwa Kiswahili, katika karatasi moja iliyobandikwa ukutani, mistari mitatu: rangi mbili za haraka ni kungoja simu mpya, rangi moja ya polepole kabla ya sauti ni kumtafuta mwenzi wa zamani, taa kuzimika baada ya kuunganisha ni salama. Aina ya spika ikiwa na desturi tofauti, ongezeni mstari wa nne.

Na kwa wanunuzi nasema: kuuliza si ujinga, na kulipa bila ya kuuliza si uungwana. Ukiwa kaunta, itoe simu yako, isiwe ya muuzaji. Omba spika zote mbili zitolewe pamoja, litazame jina moja likitokea, sikiliza masikio yote, na mwombe muuzaji akupigie ili uhakikishe na mazungumzo. Karatasi iliyo ndani ya boksi usiitupe, hata kama huisomi. Yupo nyumbani mwanafunzi atakayeweza kuisoma. Ukisha kufanya hayo, ndipo utoe fedha yako.